Maswali na majibu: Barua imechelewa, kaskazi imepita

*Nafanya uzamili kuhusu uvuvi wa pweza Tongoni na Kigombe, nalinganisha msimu wa kaskazi na wa kusi. Takwimu za kaskazi nilipanga kuzikusanya Desemba hadi Februari, lakini barua ya ruhusa ya utafiti kutoka wilaya ya pili nimeipata tarehe 20 Februari 2026. Nilimwahidi msimamizi tasnifu mwisho wa Oktoba. Nisogeze ratiba yote kwa miezi miwili na nusu?* (Mwanafunzi, Tanga)

Usisogeze. Ratiba ya pweza haihesabiwi kwa miezi, inahesabiwa kwa mabamvua. Akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu wanaufikia mwamba maji yanapokupwa sana, na hayo ni maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kila bamvua linakupa siku tano hivi za kazi, kisha yanakuja maji mafu na mwaloni hakuna cha kupima. Kwa hiyo miezi yako mitatu ilikuwa mabamvua sita, takriban siku 30 kwa kila kijiji. Hizo ndizo ulizopoteza, na msimamizi wako anatakiwa kuzisoma katika mstari wa kwanza.

Sasa tazama kilichobaki. Baada ya tarehe 20 Februari kulikuwa na bamvua la mwezi mpevu wa tarehe 3 Machi, katikati ya Ramadhani, watu wakienda mwambani kwa saa zao tofauti. Linalofuata ni la mwezi mwandamo, karibu na tarehe 19 Machi, nalo ndilo Idi. Hili wanafunzi wengi wanaotoka bara hawalioni mpaka limewakuta: Idi el Fitri hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka inaangukia kwenye bamvua. Usiandike kwenye ratiba kwamba siku hizo utapima pweza Kigombe. Utakuta watu wako kwenye pilau, na wewe utakaribishwa ule.

Kuna na jambo la kitaalamu. Mabamvua ya karibu na Machi 21 na Septemba 23 ndiyo makubwa kuliko mengine ya mwaka, maana jua liko juu ya ikweta. Mwamba unaoachwa wazi ni mkubwa zaidi, na mvuvi anatembea eneo ambalo Januari lilikuwa chini ya maji. Ukichukua takwimu za Machi ukaziita za kaskazi, kilo zitapanda na utadhani msimu ndio uliozipandisha. Mtahini anayeijua bahari atakuuliza swali hilo moja, na utetezi utaishia hapo.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kungoja kaskazi ijayo, Desemba 2026 hadi Februari 2027. Ndiyo safi kuliko zote, lakini inakula mwaka mzima pamoja na ada yake. Ya pili ni kuifuta kaskazi, ubaki na kusi peke yake, na hapo kichwa cha utafiti na lengo la kwanza lazima vibadilike. Ya tatu ndiyo ninayokushauri: kusi upime mwenyewe kama ulivyopanga, na kaskazi uisome kwenye madaftari ya wanunuzi wa pweza. Mnunuzi anayepima kwa mizani na kulipa papo hapo ana daftari, kwa sababu ni hesabu yake ya pesa. Omba kurasa za Desemba hadi Februari kupitia uongozi wa BMU, kile kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukweni, na mwulize afisa uvuvi wa kata ana kumbukumbu gani za mwaloni huo.

Daftari lina upungufu wake, na uuseme kabla hujaulizwa. Linaonyesha kilo na tarehe, halionyeshi mvuvi alikaa mwambani saa ngapi. Pweza mdogo aliyekwenda kuwa kitoweo nyumbani hayumo. Kwa hiyo bamvua la mwanzo wa Aprili, linaloanzia mwezi mpevu wa tarehe 2, litumie kulipima daftari lenyewe: kaa na mnunuzi, pima kila pweza anayeletwa, uliza na wale ambao hawakuuzwa, halafu linganisha jumla yako na yake. Ukikuta kwamba daftari linakosa, tuseme, kilo 15 katika kila 100, una namba ya kuzungumzia. Hutaitumia kurekebisha takwimu za Desemba kana kwamba ni sheria, ila utaweza kusema upungufu una ukubwa gani. Na ulinganisho wa misimu utaufanya kwa kilo zilizouzwa kwa siku ya bamvua tu. Kilo kwa mvuvi kwa saa zitabaki za kusi peke yake.

Sasa tarehe. Mabamvua yako ya kusi yanaanza na mwezi mwandamo wa Juni 15 na kuishia na mwezi mpevu wa Agosti 28. Hayo hayakuguswa na barua iliyochelewa. Kilichoguswa ni Aprili na Mei, miezi uliyokuwa umeitenga kuandika sura ya kaskazi, ambayo sasa ni ya kutafuta madaftari na kuyanakili, tena masika ikinyesha. Kwa hiyo uandishi wa kaskazi unaingia Septemba pamoja na uchambuzi wa kusi, rasimu kamili inamfikia msimamizi mwisho wa Oktoba, anapata wiki tatu za kusoma, na unawasilisha mwisho wa Novemba. Umechelewa mwezi mmoja. Ungechagua njia ya kwanza ungechelewa mwaka. Miezi miwili na nusu haimo popote katika hesabu hii.

*Msimamizi wangu ni mtu wa maneno machache na ana wanafunzi wengi. Barua ya kumwomba abadili ratiba niiandikeje?* (H., Tanga mjini)

Iwe fupi, na iwe na jambo la kuamua. Barua nyingi ninazoziona zina aya tatu za ofisi ilivyomzungusha mwandishi, kisha mstari mmoja wa "naomba muda zaidi". Msimamizi hawezi kuamua kitu hapo. Akiwa na wanafunzi wengi, ataiweka pembeni aisome akipata nafasi, na nafasi haipati. Mwandishi wa swali la kwanza angeweza kuandika hivi:

"Shikamoo Daktari. Barua ya wilaya ya pili ilitoka tarehe 20 Februari, hivyo mabamvua sita ya kaskazi yamepita bila kupimwa. Takwimu za kusi, Juni hadi Agosti, hazijaathirika. Napendekeza kaskazi tuitazame kwa madaftari ya wanunuzi wawili, mmoja Tongoni na mmoja Kigombe, ambao wamekubali kunionyesha, na nihakiki daftari kwa kupima mwenyewe bamvua la mwanzo wa Aprili. Lengo la pili la utafiti litabadilika: tutalinganisha kilo zilizouzwa kwa siku, si kilo kwa saa. Tarehe ya kuwasilisha itatoka Oktoba 31 kwenda Novemba 30. Naomba uamuzi wako kuhusu lengo la pili kabla ya Machi 28, ili nijipange kwa bamvua hilo. Ratiba ya zamani na mpya nimeziambatanisha kwenye ukurasa mmoja."

Ona kwamba wanunuzi wameshakubali kabla ya barua kuandikwa. Usipendekeze daftari ambalo hujaliona. Na katika ule ukurasa mmoja, ziweke tarehe za zamani kando ya zile mpya, pamoja na safu ya tatu ya "sababu". Usimtumie ratiba mpya peke yake akaanza kupekua barua za mwaka jana.

Shikamoo inatosha mara moja. Sijui nani aliwaambia wanafunzi kwamba heshima ni kuomba radhi mwanzo, katikati na mwisho.

*Utafiti wangu ni wa hojaji kwa wavuvi 400 waliosajiliwa. Kwa kanuni ya Yamane nilitakiwa kuhoji 200, nimepata 112, na muda wa uwandani umekwisha. Niombe kuongezewa muda au niendelee?* (Mwanafunzi, Pangani)

Fanya hesabu kwanza. Kanuni ni n = N / (1 + Ne²). Kwa N ya 400 na e ya 0.05 unapata 200, kama ulivyosema. Igeuze: weka n ya 112 utafute e, utapata karibu 0.08. Maana yake ni kwamba ukingo wa makosa umetoka asilimia 5 kwenda asilimia 8. Kama swali lako ni asilimia ngapi ya wavuvi wana leseni, nane inavumilika, mradi uiandike wazi. Kama unataka kugawa hao 112 kwa aina ya chombo, ngalawa huku na mashua kule, kila kundi litakuwa dogo na ukingo utapanuka mno.

Ila mimi ningehangaika zaidi na hao 88 ambao hukuwapata. Wako wapi? Kama walikuwa dago, wamehamia mwambao mwingine kwa msimu, basi tatizo si idadi tena. Wavuvi wa dago wanatumia nyavu nyingine, wana madeni mengine, na wako mbali na familia. Umehoji waliobaki nyumbani, na majibu yako ni ya waliobaki nyumbani. Pitia orodha pamoja na katibu wa BMU, weka alama kwa kila jina ambalo hukulipata: dago, mgonjwa, amekataa, ameacha uvuvi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kama wengi ni wa dago, mwombe msimamizi wiki moja tu watakaporejea, uhoji 25 au 30 kati yao, uwachague kwa kura kutoka kwenye orodha hiyo. Kama sababu zimechanganyika bila mwelekeo, endelea na 112 ulio nao. Ombi la wiki moja lenye orodha mkononi hukubaliwa upesi kuliko ombi la miezi miwili ya "kukamilisha sampuli".

*Msimamizi amenijibu kwa simu: "Sawa, endelea na ratiba mpya." Nimemaliza?* (S., Muheza)

Bado. Msimamizi anakubali mpango wa kazi, usajili ni wa chuo. Angalia usajili wako unaisha lini. Kama tarehe mpya ya kuwasilisha imevuka hapo, kuna fomu ya kuongezewa muda inayopitia idara, na ada inaweza kufuata. Angalia pia cheti cha maadili: vyeti vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hutolewa kwa mwaka mmoja na huhuishwa. Na barua ya wilaya ina tarehe zake mbili. Ikiwa imeandika "hadi Juni 30", Julai huna ruhusa ya kukaa mwaloni na hojaji. Hilo la simu, mwandikie jioni hiyohiyo mistari miwili ukithibitisha mlichokubaliana.

*Nimetuma ratiba mpya wiki tatu zilizopita, kimya. Nisubiri mpaka lini?* (Mwanafunzi, Tanga)

Mpaka leo. Mwandikie tena, ukitaja siku ambayo kimya kitakugharimu: "Bamvua la Juni linaanza tarehe 15, naomba jibu kabla ya tarehe 8." Isipokuja, mwone mratibu wa uzamili wa idara ukiwa na barua zote mbili. Wakati huo endelea na yale ambayo uamuzi wowote hautayabadilisha, kama kunakili madaftari na kuweka sura ya mapitio sawa.