Sekunde mbili hazikupi nafasi ya kusimama

Madereva wengi wanaijua kanuni ya sekunde mbili, lakini wachache wanajua imetengenezwa kwa kazi gani. Wanadhani ukiacha sekunde mbili nyuma ya gari la mbele, basi unaweza kusimama kabla ya chochote kitakachotokea. Haiko hivyo, na kwenye barabara yetu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro na Iringa, ambako lori bovu linaweza kulala katikati ya lami kuanzia jana yake, tofauti hiyo ni ya uhai.

Nianze na namna ya kuipima, maana kukadiria mita kwa macho ukiwa kwenye mwendo hakuna anayeweza. Chagua kitu kisichotembea pembeni ya barabara: nguzo ya umeme, jiwe la kilomita, hata kivuli cha mti kilichoangukia lami. Bampa ya nyuma ya gari la mbele ikikipita, anza kuhesabu kwa sauti ya kawaida: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukimaliza kabla boneti yako haijafika pale, una sekunde mbili. Kama umefika ukiwa bado kwenye "elfu moja na moja", achia mafuta kidogo, tafuta nguzo nyingine, hesabu tena. Uzuri wake ni kwamba nafasi inajirefusha yenyewe kadiri spidi inavyopanda: kwenye 50 ni kama mita 28, kwenye 80 ni 44, kwenye 100 ni 56.

Sasa angalia sekunde hizo zinatumikaje. Taa za breki za mbele zikiwaka, macho yanaona, akili inaelewa, mguu unahama kutoka kwenye mafuta hadi breki. Kwa dereva wa kawaida aliye macho, weka sekunde moja na nusu, na muda wote huo gari lako linakwenda kwa spidi ileile. Kwenye mbili ulizoacha, imebaki nusu sekunde. Hiyo nusu inatosha, kwa sharti moja: gari la mbele nalo liwe linasimama kwa breki, likiendelea kusogea mbele wakati linapunguza mwendo. Wote wawili mnahitaji umbali wa breki unaokaribiana, kwa hiyo wako na wake vinafutana. Sekunde mbili zinanunua muda wako wa kushtuka, basi. Umbali wa kusimama unaazimwa kutoka kwa gari la mbele.

Na umbali huo wa kusimama haupandi sawa na spidi. Kwenye lami kavu, breki nzuri na matairi mazima, gari dogo lililokuwa kwenye 50 linachukua kama sekunde 2 kusimama tangu breki ishike. Kwenye 100 linachukua sekunde 4, kwa sababu kuna mwendo mara mbili wa kuumaliza. Lakini katika sekunde hizo 4 linakwenda pia kwa wastani wa spidi mara mbili. Muda mara mbili, mwendo wa wastani mara mbili: umbali unakuwa mara nne. Mita 14 zinageuka 55. Ongeza mita zilizopita kabla mguu haujafika kwenye breki, jumla ni kama 35 kwenye 50, na 97 kwenye 100. Sekunde zako mbili zimeongezeka kutoka mita 28 hadi 56 tu.

Pengo hilo linakupata siku gari la mbele lisiposimama bali likikwepa. Nimekutana nalo mbele ya Chalinze, jioni, nikiwa nyuma ya Kosta tukitembea kwenye 80. Kosta iliyumba kulia ghafla, na nyuma yake kikatokea kitako cha semi-trela lililoharibika njiani, matawi ya miti yakiwa yamewekwa karibu nalo mno. Dereva wa Kosta alikuwa ameliona mapema na alikuwa na pa kupitia. Mimi, kwa kuwa Kosta ilinizibia, nilianza kuliona pale alipokwepa. Nilisimama kwa sababu moja: siku zote nikiwa nyuma ya gari nisiloweza kuona mbele yake, nahesabu hadi tatu.

Tulipige hesabu tukio la namna hiyo. Tuseme wa mbele anakwepa akiwa mita 20 kutoka kwenye lori. Kwenye 80, nyuma yake kwa sekunde mbili, lori liko mita 64 mbele yako, na wewe unahitaji kama 68. Unaligonga ukiwa bado kwenye 27 hivi: boneti inakunjwa, ukiwa umefunga mkanda huenda ukashuka kwa miguu yako. Ungekuwa umembana kwa sekunde moja, breki zingepata mita 9 tu za kufanya kazi, na ungeingia chini ya trela kwa karibu 70. Sasa rudi kwenye sekunde mbili zilezile, ila spidi iwe 100. Una mita 76, unahitaji 97, unagonga kwa zaidi ya 60. Nafasi ni ya "kanuni" ileile, spidi imeongezeka 20 tu, lakini kishindo kimetoka 27 hadi 60 na ushee. Kwa sekunde tatu, ungesimama katika hali zote mbili. Kwenye 100 zingebaki mita chache tu.

Kwa hiyo mimi naziacha mbili pale tu ninapoona kupitia vioo vya gari la mbele au juu yake, mchana, lami ikiwa kavu. Nyuma ya lori, basi au Kosta ni tatu. Mvua ikinyesha ni nne, kwa kuwa kwenye lami iliyolowa breki zinaweza kuhitaji karibu mara mbili ya umbali, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inayochanganyika na vumbi na mafuta, ndiyo mbaya zaidi. Anayeendesha lori lililobeba asichukue hesabu zangu za gari dogo. Breki za upepo zenyewe zinachelewa kidogo kushika, na mzigo unasukuma. Aongeze zaidi.

Najua jibu la wengi: ukiacha nafasi, watu wanachomekea. Ni kweli, wanachomekea. Kila anayeingia anakurudisha nyuma kwa sekunde mbili au tatu. Wakiingia kumi kati ya Chalinze na Morogoro, umechelewa nusu dakika. Tena ukirudi nyuma ya lori ndipo unapoona magari yanayokuja, na unapata pa kuchanganyia mwendo kabla ya kuovateki. Anayeganda kwenye bampa ya lori anachungulia kwa kutoa nusu ya gari lake upande wa wenzake.

Aliyekubana wewe kwa nyuma ni tatizo gumu zaidi, kwa sababu nafasi hiyo si yako kuipanga. Usimgusie breki kumtisha, kwa kuwa ataanza kushtuka akiwa mita chache kutoka kwenye buti lako. Ongeza nafasi yako ya mbele, tatu ziwe tano, ili likitokea jambo ushike breki taratibu, naye apate muda ambao hakujiwekea. Ukifika palipo wazi, punguza kidogo, kaa kushoto, apite. Akishapita, anza kuhesabu upya kutoka kwenye bampa yake.