Mashine ya Kukodi Iliyotuvunjia Sharti la Benki

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mashine si yetu, tunaikodi tu. Mkaguzi anataka tuiandike kama deni. Deni limetoka wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kumuuliza mkaguzi wangu, tena kwa sauti ya juu.

Wakati huo kanuni iliyotumika ilikuwa IAS 17. Ukodishaji wa uendeshaji ulibaki nje ya mizania: ukilipa kodi, unaandika gharama, basi. Ukodishaji wa kifedha uliingia kwenye mizania kama mali na kama deni. Kilichotenganisha viwili hivi ni nani anabeba hatari na manufaa ya kumiliki mali ile, na kichwa cha mkataba hakikuamua chochote. Mimi nilisoma kichwa tu. Kiliandikwa "mkataba wa kukodi", nikafunga jalada.

Mkaguzi alisoma ndani. Mkataba ulikuwa wa miaka 3, hauvunjiki, malipo 100,000 kila mwisho wa mwaka, na mashine yenyewe ilitarajiwa kudumu miaka 4 hivi. Akapunguza malipo yale matatu kwa riba ya 10% ili kupata thamani yake ya sasa: 90,909 kwa malipo ya kwanza, 82,645 kwa la pili, 75,131 kwa la tatu. Jumla 248,685. Bei ya kuinunua taslimu ilikuwa 250,000. Akaniuliza, "Kama mnalipa karibu bei yote, na mnaitumia sehemu kubwa ya maisha yake, mmekodi au mmenunua kwa mkopo?" Sikuwa na jibu.

Mwisho wa mwaka wa kwanza, baada ya malipo moja, deni lililobaki lilikuwa 173,554. Tulikuwa na mkopo wa benki wa 300,000 na mtaji wa karibu 400,000, na benki ilitaka madeni yasizidi mtaji. Kwa hesabu zangu uwiano ulikuwa 0.75. Kwa hesabu sahihi ulikaribia 1.2. Sharti lilikuwa limevunjika, na mkurugenzi alilijua hilo kikaoni, mbele ya watu wa benki. Mwaka uliofuata kazi ya kufunga hesabu alipewa mwenzangu. Hakuna aliyeniambia sababu, nami sikuuliza. Bado inaniuma.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikia. Anayekodi na kufuata IFRS 16, kanuni iliyochukua nafasi ya IAS 17 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, hana tena nafasi ya kujificha kwenye neno "uendeshaji". Mikataba karibu yote inaingia kwenye mizania, isipokuwa ukichagua kuiacha nje ile ya miezi 12 au pungufu isiyo na haki ya kununua, au ya vitu vya thamani ndogo. Mgawanyo wa aina mbili umebaki kwa mwenye mali anayekodisha. Kanuni za Marekani zimeuacha pia kwa anayekodi, lakini hata huko deni linaonekana kwenye mizania. Usibishane na mkaguzi juu ya jina. Soma mkataba.

Ukishauingiza kwenye mizania mkataba kama ule wangu, siku ya kwanza mali na deni ni sawa, 248,685 kila upande. Baada ya hapo vinaachana. Mali inachakaa kwa 82,895 kila mwaka. Deni linapanda kwa riba, kisha linashuka kwa malipo: mwaka wa kwanza riba ni 24,869, kwa hiyo katika ile 100,000 ni 75,131 tu iliyopunguza deni. Gharama ya mwaka huo ni 107,764, si 100,000. Mwaka wa tatu inashuka hadi 91,986. Kwa miaka yote mitatu jumla ni ileile 300,000, ila mwaka wa kwanza unabeba zaidi. Mweleze bosi wako mapema, kabla hajaiona faida imepungua.

Na hapa ndipo nimeona wengi wakiteleza, hata waliokubali deni lipo. Mwisho wa mwaka wa kwanza wanaandika 100,000 kama deni la muda mfupi, kwa kuwa ndiyo watakayolipa mwaka ujao. Lakini ndani yake mna 17,355 ya riba ambayo bado haijaiva, na riba ya kesho si deni la leo. Deni la muda mfupi ni 82,645, la muda mrefu ni 90,909. Vijumlishe: 173,554. Jumla yako isipofika hapo, rudi kwenye jedwali la malipo kabla hujampelekea mkaguzi. Mimi siku hizi jedwali hilo nalichora siku mkataba unaposainiwa, na nakala ya kwanza naipeleka kwa anayefuatilia masharti ya benki.