Slaidi zinanikimbia: sekunde ishirini zinabeba maneno mangapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kibirizi, Kigoma, kwenye kikundi cha wachakataji wa dagaa. Tumealikwa kueleza kazi yetu kwa slaidi 20 zinazojibadilisha zenyewe kila baada ya sekunde 20. Nimeandika hotuba nzima nikaikata vipande 20, lakini nikifanya mazoezi slaidi zinanikimbia. Nikifika katikati, picha ni ya vichanja na mimi bado nazungumzia kuvua. Niongee haraka zaidi, au nipunguze nini?

Jibu: Marahaba. Usiongee haraka. Ukikimbiza maneno, watu wa nyuma ya ukumbi wanakupoteza kabla hata slaidi hazijakupoteza wewe. Tatizo limeanzia kwenye kuikata hotuba: kipande kilichokatwa hakijui kinaanzia picha gani wala kinapaswa kuisha lini.

Mtindo huu unaitwa PechaKucha. Waliouanzisha ni wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, huko Tokyo mwaka 2003, ili wenzao wasishike kipaza sauti usiku kucha. Hesabu yake ni dakika 6 na sekunde 40, na hakuna wa kuisimamisha.

Tazama jinsi deni linavyokua. Ukizidisha sekunde 2 tu kwenye kila slaidi, hutaona chochote mwanzoni. Baada ya slaidi 10 umeshachelewa sekunde 20, yaani slaidi nzima. Ndiyo maana unajikuta kwenye kuvua wakati picha imefika kwenye vichanja. Mara nyingi hakuna kipande kimoja kibovu cha kulaumu. Karibu vyote vimezidi kidogo kidogo.

Kwa hiyo usilenge sekunde 20. Lenga 16 au 17. Zinazobaki ni za pumzi, za kicheko cha watu, na za macho yao kuitambua picha mpya.

Sasa, maneno mangapi? Ushauri mwingi utakaoukuta umeandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza, ambao maneno yao ni mafupi. Neno letu moja kama "tumekitengeneza" lina silabi saba. Ndiyo maana mimi nahesabu silabi. Kwa mwendo wa jukwaani, usio wa haraka wala wa kuvuta, naanzia na silabi tano kwa sekunde, halafu namrekebishia kila msemaji kulingana na ulimi wake. Jirekodi kwa simu ukisoma kwa sauti kwa dakika moja, hesabu silabi ulizosoma, gawa kwa sitini. Hiyo ndiyo kasi yako, itumie badala ya yangu.

Nimechukua kipande chako cha vichanja kama ulivyokiambatisha:

"Kama mnavyoona katika picha hii, hiki ni kichanja ambacho tumekitengeneza kwa kutumia miti na wavu, na faida yake kubwa ni kwamba dagaa wanapoanikwa juu hawagusani na mchanga, hewa inapita juu na chini, na kwa hiyo wanakauka haraka zaidi kuliko wale wanaoanikwa chini, na pia mvua ikitishia kunyesha ni rahisi kuwafunika kwa turubai."

Maneno ni 52 na silabi zinapita 130. Kwa silabi tano kwa sekunde, hiyo ni takriban sekunde 27, bila kupumua. Na ni sentensi moja, kwa hiyo hakuna mahali pa kuikatia picha ikikuondokea. Sehemu ya kwanza nzima, kuanzia "kama mnavyoona", inaeleza kitu ambacho macho yameshakiona. Hiyo inaondoka, ibaki miti na wavu tu. "Faida yake kubwa ni kwamba" nayo haibebi mzigo wowote.

Kinabaki hiki:

"Kichanja ni miti na wavu tu. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka mapema kuliko waliotandazwa mchangani, na mlaji hatafuni changarawe. Mvua ikija, unavuta turubai."

Silabi ni kama 70, yaani sekunde 14. Weka pumzi kwenye vituo, umefika 16. Hakuna hoja iliyopotea. Tena mchanga umegeuka changarawe kinywani mwa mlaji, jambo ambalo mnunuzi wa Kigoma analijua vizuri sana.

Angalia sentensi ya mwisho, ya turubai. Hiyo naiita mkia. Kila kipande kiwe na kiini kinachosimama peke yake na mkia mfupi unaoweza kuachwa. Ukiwa kwenye wakati, unausema. Ukiona umechelewa, unauacha, na pale pale umeokoa sekunde mbili au tatu bila mtu kujua. Kwenye karatasi yako ya mazoezi upigie mstari, ili siku ya siku usianze kuutafuta.

Picha ikikukuta katikati ya sentensi, imalize kama yamebaki maneno mawili matatu; zaidi ya hapo iache, uingie kwenye picha mpya. Usiseme "nilikuwa naelezea ile ya nyuma". Ukimaliza mapema, nyamaza, waangalie. Sekunde nne za kimya zinakutisha wewe tu uliye mbele.

Namba ndizo zinazodanganya kuliko yote. Ukitaja kwamba MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kompyuta inaihesabu hiyo 1913 kama neno moja, lakini mdomo unatamka "elfu moja mia tisa na kumi na tatu": silabi 14, karibu sekunde tatu. Bei za kilo ni hivyo hivyo. Iandike namba kubwa kwenye slaidi, wewe useme imepanda au imeshuka kwa nini. Na kama bei zinahitaji maelezo marefu kweli, rudia picha ile ile kwenye slaidi mbili zinazofuatana upate sekunde 40. Wapo wanaosema huko ni kuchakachua. Mimi naruhusu mara moja kwenye mazungumzo yote, si zaidi.

Kabla ya kuulaumu ulimi, kagua pia mashine. Kwenye PowerPoint chagua slaidi zote, fungua Transitions, ondoa alama kwenye On Mouse Click, weka alama kwenye After na uandike `00:20.00`. Kisha kwenye Slide Show hakikisha Use Timings ina alama, la sivyo slaidi zitasimama tu. Ondoa michezo yote ya maandishi kuruka na picha kuzunguka: saa ya After huanza kuhesabu baada ya mchezo wa mwisho kwenye slaidi kuisha, hivyo slaidi yenye michezo ya sekunde 3 inakaa 23. Tanguliza slaidi moja ya jina isiyo na saa, unayoisogeza mwenyewe ukiwa tayari, na hiyo iachie On Mouse Click. Malizia na slaidi nyeusi. Ipime kwa saa ya simu bila kusema neno: tangu slaidi ya kwanza ya zile 20 hadi nyeusi iwe dakika 6 na sekunde 40.

Mazoezi yafanye umesimama, kwa sauti, huku simu inarekodi. Kila picha ikibadilika gonga meza. Ukisikiliza baadaye, weka alama kwenye karatasi pale ulipokuwa kila mlio wa kugonga uliposikika. Mlio ukiangukia baada ya kituo, kipande hicho kiache. Ukiangukia ndani ya mkia, futa mkia. Ukiangukia ndani ya kiini, rudi ukahesabu silabi. Na anza na slaidi tano za mwanzo, maana kuvua ndiko ulikokopa, hata kama deni umelisikia kwenye vichanja.