Kijivu cha chini kinavuta wekundu

"Narekebisha rangi za TV kwa mita ya rangi. Nimepanga R-Gain na B-Gain, za nyekundu na bluu, kwenye kijivu cha asilimia 80, kikakaa sawa kabisa. Nikishuka 30, kinavuta wekundu. Mita imeharibika?"

Iache mita kwanza, ndugu. Gain hutawala zaidi sehemu angavu. Huko chini mwenye nguvu ni Offset, nawe hujaigusa. Weka kijivu cha 30, shusha R-Offset hatua moja moja mpaka nyekundu ilingane na kijani, kisha rudi 80. Utakuta pamesogea kidogo, kwa sababu Offset huvuta na juu pia. Kwangu, R-Offset iliposhuka hatua 3, nyekundu ya 80 nayo ilipungua. Nikapandisha R-Gain hatua 1, nikashuka tena 30. Mizunguko mitatu ikatosha. Kijani usikiguse, maana ndicho kinachobeba mwanga mwingi.

Aliyekushauri uongeze Brightness amepatia nusu. Hiyo hupangwa mwanzo, kwa picha ya vipande vyeusi vinavyokaribiana. Ukiigusa baada ya Offset, kazi ya chini inaharibika.

Ila kijivu cha 5 usikikimbize. Soma mara tatu bila kubadili kitu: namba zikirukaruka, mita imeishiwa mwanga. Hapo mimi hufunika taa zote, nasubiri macho yazoee giza, naamua kwa kutazama. Wapo wanaokataa njia hii, na wana hoja.