Jibu la Kwanza Lilinifukuzisha Kazi

Juzi usiku kijana mmoja wa Kilifi aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimetolewa kwenye mradi wa kulinganisha majibu. Wanasema napendelea A. Mimi sipendelei kitu, nasoma tu na kuchagua. Nifanyeje?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliyaandika mimi miaka miwili iliyopita, na hasira zangu zilikuwa zimezidi zake.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: unaletewa swali, na chini yake majibu mawili yaliyotungwa na programu za akili unde, A kushoto na B kulia. Unachagua lililo bora, unaandika sababu kwa mistari miwili, unakwenda kwenye jozi inayofuata. Machaguo yako ndiyo yanayoifundisha programu namna ya kujibu. Miezi yangu ya mwanzo nairuka, haina la kusimulia. Nilikuwa nalipwa kwa jozi, nikawa mwepesi, na wepesi wangu nikauita ujuzi.

Jozi iliyonitoa naikumbuka neno kwa neno. Mtu ameuliza: "Basi linaondoka Mombasa saa 2 usiku, safari ni saa 9. Tutafika Nairobi saa ngapi?"

Jibu A lilikuwa na sentensi kumi na moja. Limeanza kwa kusifu swali, likapiga hesabu hatua kwa hatua: 02:00, ongeza saa 9, tunapata 11:00, kwa hiyo mtafika saa 11 asubuhi. Likashauri abiria wafike kituoni mapema, wabebe maji na shuka. Jibu B lilikuwa mstari mmoja: "Mtafika saa 11 alfajiri."

Nikachagua A. Mie, niliyezaliwa Mombasa, niliyepanda basi hilo la saa 2 usiku mara zisizo idadi, nikakubali kwamba saa 2 usiku ni 02:00! Saa 2 usiku ni 20:00. Ongeza 9, ni 05:00, yaani saa 11 alfajiri, kabla hata adhana haijanyamaza vizuri. B lilikuwa sahihi kwa maneno manne. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika kwamba A "limeeleza kwa kina". Mkaguzi alinijibu mistari miwili pia: wa kwanza ulisema napendelea A, na wa pili ulikuwa wa kuniaga. Hakuna aliyenieleza nimekosea wapi, na hilo linaniuma hadi leo, sitadanganya.

Baada ya wiki ya kununa nilikaa nikajichunguza. Nilikuwa nimenakili jozi 40 za mazoezi. Nikazifanya upya nikiandika uamuzi wangu kwenye daftari: A 27, B 13. Majibu yalikuwa yamechanganywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo nilitarajia karibu 20 kwa 20. Ingekuwa 22 kwa 18 nisingejali, hiyo ni bahati tu. Ila 27 ilinitia wasiwasi. Nikasubiri siku tatu ili nisahau, nikabadilisha nafasi, la kushoto likaenda kulia, nikaamua tena. Jozi 27 uamuzi wangu ulilifuata jibu popote lilipohamia. Jozi 13 ulibaki kwenye kiti: mara 11 nilichagua A zote mbili, mara 2 B zote mbili. Maana yake, kwenye jozi 11 nilimchagua aliyekaa kushoto, awe nani awe nani.

Nadhani najua sababu. Jibu la kwanza ukilisoma usipokuwa na la kwako kichwani, hulipimi. Linageuka kuwa kipimo. La pili unalisoma ukitafuta limetofautiana wapi na la kwanza, na kila tofauti inaonekana kosa. Ndivyo "alfajiri" ilivyoniponyoka: nilikuwa nimeshakubali 11:00 ya asubuhi.

Kwa hiyo siku hizi nikifungua swali nayaziba majibu kwa karatasi juu ya skrini. (Mume wangu ananicheka, lakini pesa ya karo haicheki naye.) Naandika kwenye daftari jibu linalotakiwa, hata kama ni neno moja, au kama silijui, kitu ambacho lazima kiwemo. Ndipo nafunua. Nasoma B kwanza kwenye jozi moja, A kwanza kwenye inayofuata. Kila jibu nalipima na daftari, si na mwenzake. Lingekuwa lile basi, daftari lingesema "05:00, saa 11 alfajiri" kabla A halijapata nafasi ya kunisifia swali.

Urefu ni shetani mwingine, na dawa yake si kupenda ufupi. Hapa nilianguka mara ya pili. Nilipopata mradi mpya nilikuwa naogopa jibu refu kama nyoka. Swali likaja: kwa nini maziwa yanaganda ukiyatia ndimu? Fupi lilisema, "Kwa sababu ya asidi." Refu lilieleza kwamba protini za maziwa huelea zikisukumana, asidi ya ndimu ikaondoa kule kusukumana, zikashikana na kuwa mabonge. Nikachagua fupi. Nikapewa onyo, na safari hii walikuwa na haki. Aliyeuliza "kwa nini" alitaka njia, si jina la mhusika.

Sasa nafuta. Kwenye jibu refu naziba sentensi moja moja na kujiuliza: muulizaji amepoteza nini? Kwenye lile la basi ukifuta sifa, shuka na maji, unabaki na hesabu mbovu. Kwenye la maziwa ukifuta sentensi ya protini, pengo linaonekana. Na wenzangu, tuache kuandika "limeeleza kwa kina" kama sababu. Andikeni limeeleza nini. Ukishindwa kukitaja, basi ulichokipenda ni wingi wa maneno, kama mteja anayenunua mkate kwa ukubwa wa karatasi.

Kubadilisha nafasi kila jozi hakuwezekani, ungefanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Mimi narudia jozi moja katika kila kumi, baada ya siku kadhaa. Uamuzi ukihama na jibu, nauamini. Ukibaki kwenye kiti, najua majibu yale yamelingana, na kama kitufe cha "sawa" kipo ndicho nilichopaswa kubonyeza. Kama hakipo, kwenye sababu naandika wazi kwamba tofauti ni ndogo. Mwaka huu wamenifanya mkaguzi. Ndiyo, mimi yule wa basi. Na kila ninayemrudishia kazi namwandikia amekosea wapi, hata kama ni aya nzima.

Yule kijana nimemwambia ahesabu. Amenirudishia: A 52 kati ya 80. Ni nyingi, na ningekuwa mkaguzi wake ningemuuliza. Lakini kuna jambo moja la kuangalia kwanza. Nusu kwa nusu inatarajiwa tu pale mradi unapochanganya nafasi. Kama A daima inatoka programu moja na B nyingine, na ile ya kwanza ndiyo hodari, 52 ni hesabu ya haki kabisa. Nimemwomba atafute jozi zozote alizowahi kuletewa mara mbili, aangalie kama zilibadilishwa viti. Kama hazikubadilishwa, aliyemtoa kazini ndiye anayepaswa kuandikiwa.