Mistari ya magugu nyuma ya droni: kupima nozeli na upana halisi wa mnyunyizo

*Mtaalamu, nina droni ya tangi la lita 10 yenye nozeli nne, nanyunyizia kiuagugu kwenye mpunga huku Mbarali. Nimeiwekea lita 15 kwa hekta, kasi ya mita 4 kwa sekunde na upana wa mita 5 kama kitabu chake kinavyosema. Baada ya siku kumi magugu yamebaki kwa mistari iliyonyooka. Nozeli zimechakaa au upana ndio si sahihi?*

Ndugu msomaji, kabla ya kugusa mashine, rudi shambani na futi kamba upime umbali kutoka mstari mmoja wa magugu hadi mwingine, kwa sababu umbali huo peke yake unaweza kukuonyesha pa kuanzia. Mistari ikijirudia kila mita 5, katikati ya njia mbili za droni, upana ulioweka ni mkubwa kuliko ule ambao mashine yako inaufikia kweli. Ikijirudia kila mita 10, ishuku nozeli ya upande mmoja: droni inayogeuza kichwa mwishoni mwa shamba hurudi huku upande wake dhaifu ukitazamana na upande dhaifu wa njia iliyotangulia, kisha katika njia inayofuata pande nzima ndizo zinazotazamana, na hivyo kasoro huonekana kila baada ya njia mbili. Kama droni yako hurudi kinyumenyume bila kugeuka, alama hiyo haitakusaidia, nawe itakubidi upime vyote viwili.

Anza na nozeli, kwa kuwa kupima upana kwa nozeli zisizolingana ni kazi bure. Osha tangi vizuri, tia maji safi, ondoa mapanga ya droni kwa usalama, kisha endesha pampu mpaka mapovu ya hewa yaishe kwenye mipira. Weka chombo chini ya kila nozeli na uendeshe pampu kwa dakika moja kamili, kwa kiwango kilekile utakachotumia shambani. Mimi hupendelea kupima maji kwa mizani ya jikoni kuliko kusoma alama za jagi, kwani gramu moja ya maji ni mililita moja na jicho halikosei. Kwa vipimo ulivyoweka, mtiririko unaotakiwa hupatikana hivi:

```
L/min = L/ha × m/s × m × 0.006
15 × 4 × 5 × 0.006 = 1.8
```

Lita 1.8 zikigawanywa kwa nozeli nne, kila moja inapaswa kutoa mililita 450 kwa dakika. Tuseme tatu zimetoa 452, 446 na 449, na ya nne imetoa 370. Hiyo ya nne iko chini kwa zaidi ya asilimia 10, kikomo ambacho nozeli ikikivuka haifai kuachwa ilivyo. Fungua chujio lake na kizuia matone, uvioshe, kisha usugue tundu kwa mswaki laini. Usitumie sindano wala waya, kwa maana tundu likikwaruzwa hata kidogo umbo la mnyunyizo huharibika moja kwa moja. Nozeli inayotoa pungufu kwa kawaida imeziba, ilhali inayozidisha imeliwa na haina dawa isipokuwa kubadilishwa. Zote nne zikipungua kwa kiwango kimoja huku skrini ikionyesha lita 1.8, tatizo limo katika kipima mtiririko, nacho hurekebishwa kwa kulinganisha maji uliyoyapima na namba iliyoonyeshwa.

Sasa upana. Namba ya kitabuni imepatikana kwa kimo, kasi na upepo fulani, ambavyo huenda havifanani na vyako. Hewa inayosukumwa chini na mapanga ndiyo inayobeba matone: ukiruka chini mno hewa hiyo hugonga mimea na kuyatupa matone pembeni na juu, na ukiruka juu mno upepo huyachukua kabla hayajafika. Kwa droni ya ukubwa wako ningejaribu kimo cha mita 2.5 juu ya mpunga, na nisikibadilishe tena baada ya kipimo.

Chukua karatasi za manjano zinazogeuka buluu zikiguswa na maji. Zikikosekana, tumia vipande vya karatasi nyeupe na utie rangi ya chakula kwenye maji. Zipange katika mstari mmoja wa mita 10 unaokatiza njia ya droni, kila baada ya nusu mita, zikiwa katika kimo cha majani. Fanya hivyo asubuhi, upepo ukiwa chini ya mita 3 kwa sekunde, na urushe droni kuelekea upepo unakotoka. Ianzie mita 30 nyuma ili ipite juu ya karatasi ikiwa imeshafikia kasi kamili. Rudia mara tatu kwa karatasi mpya, kisha hesabu matone katika sentimita moja ya mraba ya kila karatasi na utafute wastani.

Tuseme umepata matone 42 katikati, 38 kwa umbali wa mita 1, 30 kwa mita 1.5, 19 kwa mita 2, 10 kwa mita 2.5, 4 kwa mita 3, na kisha karibu sifuri. Njia zikitengana mita 5, sehemu iliyo katikati yake iko mita 2.5 kutoka kila njia, hivyo inapata 10 na 10, yaani 20, chini ya nusu ya inachopata mimea iliyo chini ya droni. Huo ndio mstari wako wa magugu. Zikitengana mita 4, sehemu ya katikati inapata 19 na 19, yaani 38, na iliyo mita 1 kutoka njia inapata 38 na 4, yaani 42. Shamba zima linakuwa kati ya 38 na 42. Upana wako halisi ni mita 4, takriban pale ambapo matone yanashuka hadi nusu ya yale ya katikati kila upande.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipunguza upana hadi mita 4 huku pampu ikiendelea kutoa lita 1.8, utanyunyiza lita 18.75 kwa hekta, nayo ni dozi iliyozidi kwa asilimia 25, ambayo mpunga unaweza kuungua nayo. Mtiririko mpya ni 15 × 4 × 4 × 0.006, yaani lita 1.44 kwa dakika, au mililita 360 kwa kila nozeli. Baadhi ya droni hujirekebisha zenyewe ukibadilisha upana, lakini pima tena kwa vyombo uone. Angalia pia umbo la mnyunyizo, kwa sababu presha ikishuka matone huwa makubwa na mnyunyizo unaotanuka kutoka kwenye nozeli unaweza kujikunja. Ukijikunja, weka nozeli ndogo zaidi, kisha urudie kipimo cha karatasi.

Mwisho, tia lita 6 za maji na urushe droni kama kazini. Zinapaswa kuisha baada ya dakika 4 na sekunde 10 za kunyunyiza, zikiwa zimefunika mita za mraba 4,000. Muda wa kugeuka usiuhesabu, pampu ikiwa imezimwa. Maji yakiisha mapema au yakibaki kwa zaidi ya asilimia 5, rudi kwenye kipima mtiririko kabla ya kutia dawa.