Zumu yatia ukungu

"Narekodi somo la Excel, laptopu 1366×768. Nikizumu wakati wa kuhariri video, seli zatia ukungu. Nifanyeje?"

Ndugu, aliyekujibu hapo juu ununue maiki hajasoma swali, ingawa feni ya dari huku Mombasa kweli huingia kwenye sauti, izime. Aliyekushauri urekodi kwa 4K yuko sawa nusu: skrini yako haina pikseli hizo. Safu ya kawaida ya Excel ina upana wa pikseli 64. Ukiizumu mara mbili baadaye, programu ya kuhariri inakisia pikseli zilizobaki. Kuza mapema, ndani ya Excel yenyewe, kwa Ctrl na gurudumu la mausi, hadi 160% hivi. Kwenye kuhariri ongeza kidogo tu. Duara la manjano linalozunguka mshale liwe jepesi, lisifunike namba, na mshale utulie kabla hujataja seli.